Orodha Si Mahali: Nilivyofuta Mahojiano Manne ya Ripoti Yangu

Wiki ile ya kuandika ripoti ya fildi, simu yangu ilikuwa imejaa mpaka kamera ikagoma kufunguka. Kila nikiigusa inaniambia nafasi imekwisha. Ndani yake mlikuwa na mahojiano kumi na moja niliyoyafanya na mama lishe wa soko moja la mjini, kila moja la dakika arobaini hivi. Hayo ndiyo yalikuwa ripoti yangu yote. Daftari nilikuwa nalo, lakini daftari lilikuwa na majina, bei za unga na mistari miwili mitatu ya haraka. Maneno yenyewe ya wale mama yalikuwa kwenye simu.

Nikafungua programu ya Files, ile ya Google ambayo simu nyingi huja nayo, nianze usafi. Ukurasa wa kwanza nikaziona rekodi zangu chini ya "Recents". Nikagusa "Audio", nikazikuta tena. Nikaingia "Internal storage", kisha folda ya "Recordings", nazo zipo. Nikajisemea: kumbe simu inajaa kwa sababu kila kitu kimehifadhiwa mara tatu! Nikarudi "Audio", nikachagua zile nne kubwa kuliko zote, nikafuta. Nafasi haikuongezeka. Nikaona zimekwenda kwenye "Trash", nami nikaisafisha "Trash" yenyewe. Hapo nafasi ikapatikana.

Jioni mwenzangu wa chumbani ananiuliza, "Umebakiwa na ngapi?" Nikamjibu kwa raha zangu, "Zote zipo, nimefuta kopi tu." Nikafungua "Recordings" nimwonyeshe. Zilikuwa saba.

Somo hili linatokana na zile nne. Nimeuliza madarasani na hosteli, nimegundua kuwa wengi wetu tunatumia simu kama kompyuta ya kusomea, lakini hatujawahi kuonyeshwa jinsi mafaili yanavyokaa ndani yake. Tunapakua slaidi, tunatumiwa madesa kwenye kundi la darasa, tunaandika ripoti kwa kidole gumba, halafu tunatafuta kila kitu kwa kushuka chini mpaka kitokee. Basi tuanze na jambo ambalo lingeniokoa mimi.

Orodha ni kitu kimoja, mahali ni kitu kingine

Ukifungua Files utaona maneno kama "Downloads", "Images", "Audio" na "Documents". Hizi huitwa kategoria, na ingawa zina alama zinazofanana na folda, kategoria ni orodha tu. Simu inapita kila pembe ya hifadhi yake, inakusanya majina ya mafaili yote ya sauti, inakuonyesha kwa pamoja chini ya "Audio". Mafaili yenyewe hayajasogea hata hatua moja. Ni kama orodha ya wanafunzi iliyobandikwa mlangoni na ile iliyobandikwa kwenye ubao wa idara: jina lako liko kote kuwili, lakini mtu ni mmoja. "Recents" nayo ni orodha, ya vitu vya karibuni.

Mahali penyewe utapakuta ukishuka chini kidogo katika ukurasa huohuo, panapoandikwa "Storage devices". Hapo kuna "Internal storage", yaani hifadhi ya ndani ya simu, na kama umeweka memori kadi utaona pia "SD card". Ukiingia humo ndipo unapoona folda za kweli: `Download`, `Documents`, `DCIM` ambamo picha za kamera hukaa, `Recordings` kwenye simu nyingi za miaka ya karibuni, na nyinginezo.

Ukifuta faili ukiwa kwenye orodha, unafuta faili lenyewe, si jina lake tu. Ndiyo maana zile rekodi nne zilitoweka "Recents", "Audio" na "Recordings" kwa wakati mmoja. Hazikuwahi kuwa kumi na mbili. Zilikuwa nne tangu mwanzo.

Ukitaka kujua kama unaona faili moja mara mbili au kopi mbili za kweli, gusa alama ya nukta tatu pembeni ya jina lake, kisha "File info". Kwenye simu za Samsung, programu yao huitwa My Files na neno lenyewe ni "Details". Utaona jina, ukubwa, tarehe, na anwani ya faili. Anwani ndiyo ushahidi. Anwani zikiwa sawasawa kabisa, hilo ni faili moja. Zikitofautiana, hizo ni kopi mbili, na unaweza kuamua ipi ibaki.

Kutengeneza folda

Baada ya msiba wangu nilizitafutia zile saba nyumba. Fuata nami kwa simu yako, na kama maneno ya kwenye kioo yatatofautiana kidogo usishtuke, kila kampuni ya simu ina chaguo lake la maneno lakini mpangilio ni uleule.

Ingia "Internal storage", halafu ingia folda ya `Documents`. Angalia vizuri: ni folda ya `Documents` iliyo ndani ya "Internal storage", si kategoria ya "Documents" ya ukurasa wa kwanza. Majina yanafanana na hapo ndipo wengi wanapotea. Ukiwa ndani ya folda hiyo, gusa nukta tatu za juu kulia. Utaona "Add folder". Kwenye simu nyingine imeandikwa "Create folder" au "New folder". Iguse, andika jina, kubali. Folda imezaliwa pale pale uliposimama. Ndiyo maana ni lazima uingie kwanza mahali unapopataka kabla ya kuitengeneza. Ukiitengeneza ukiwa umesimama kwingine, itakaa hukohuko, nawe utasema simu imeimeza.

Mimi niliita folda yangu `Ripoti_Fildi`. Kisha nikaingia ndani yake na kurudia hatua zilezile mara tatu, nikapata mpangilio huu:

```
Documents/
  Ripoti_Fildi/
    Mahojiano/
    Rasimu/
    Imewasilishwa/
```

Folda tatu tu. Mwanzoni nilitaka kutengeneza folda kwa kila mama lishe, mwenzangu akanicheka. Kila folda unayoongeza ni mguso mmoja zaidi wa kufika kwenye kitu, na kwenye kioo kidogo cha simu utachoka, mwisho utarudi kulekule kwa "Recents". Tofauti za mama mmoja na mwingine nikaziweka kwenye majina ya mafaili yenyewe.

Programu ya kurekodi huwa inayapa mafaili majina ya kwake, mengine ni namba tupu. Gusa nukta tatu pembeni ya faili, chagua "Rename", andika jina lenye maana. Anza na tarehe, mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku, mfano `2025-03-11_mama_03`. Kwa mpangilio huo simu ikipanga kwa majina, mahojiano yatajipanga yenyewe kwa jinsi yalivyofuatana. Ukianza na siku, tarehe mosi za miezi yote zitakaa pamoja na utavurugikiwa. Usitumie mkwaju kwenye tarehe, yaani alama hii `/`, kwa sababu kwenye Android alama hiyo ndiyo inayotenganisha folda na folda, haikubaliwi ndani ya jina. Na ile nukta na herufi za mwisho wa jina, kama `.m4a` au `.docx`, ziache zilivyo. Ukizifuta, simu inaweza kushindwa kujua ifungue faili kwa programu gani.

Utaona pia sikuandika majina ya wale mama. Simu huazimwa, simu huibwa. Namba iko kwenye jina la faili, jina la mtu liko kwenye daftari.

Kuhamisha na kunakili

Sasa rekodi saba ziko `Recordings`, nyumba yao ni `Mahojiano`. Ingia `Recordings`, bonyeza rekodi ya kwanza kwa kuishikilia mpaka ipate alama ya vema, kisha gusa nyingine moja moja. Gusa nukta tatu za juu. Utaona maneno mawili yanayokaa jirani: "Move to" na "Copy to". La kwanza ni kuhamisha, faili litaondoka lilipo. La pili ni kunakili, faili litabaki lilipo na kopi yake itakwenda kwingine. Chagua, kisha simu itakutaka uchague hifadhi. Ingia "Internal storage", `Documents`, `Ripoti_Fildi`, `Mahojiano`. Ukishakuwa ndani kabisa ndipo uguse "Move here" au "Copy here" chini ya kioo. Ukigusa mapema, ukiwa bado `Documents`, mafaili yatamwagwa hapohapo kwenye `Documents`.

Zangu zilihama kufumba na kufumbua. Saba, kila moja kama megabaiti 38, jumla zaidi ya megabaiti 260, na sikupata hata muda wa kuhesabu hadi tatu. Sababu yake ni kwamba ndani ya hifadhi ileile simu kwa kawaida haibebi kitu. Inabadilisha anwani tu: faili lililokuwa likiitwa la `Recordings` sasa linaitwa la `Mahojiano`. Kwa hiyo pia usitegemee kuhamisha kutakupatia nafasi. Kupanga folda ndani ya simu hakupunguzi hata chembe. Simu iliyojaa itabaki imejaa, ila sasa utajua imejaa nini.

Kuna mambo mawili yatakayokutia wasiwasi baada ya hapo. La kwanza, ukirudi kwenye kategoria ya "Audio" utazikuta rekodi bado zipo, utadhani hazikuhama. Zimehama. "Audio" ni orodha, na orodha inaonyesha sauti zote popote zilipo. Angalia anwani. La pili, baadhi ya programu za kurekodi zinaonyesha tu yaliyomo kwenye folda yao, kwa hiyo ukiifungua unaweza kukuta patupu. Hazijapotea, ziko `Mahojiano`, na zinapigwa kutoka huko.

Rasimu za WhatsApp

Msimamizi wangu alikuwa ananirudishia rasimu kwa WhatsApp, pamoja na maoni yake. Wengi wetu tunaligusa faili palepale kwenye mazungumzo na kuanza kulirekebisha. Hapo kuna balaa, kwa sababu baada ya wiki mbili una mafaili matano yanayoitwa `Ripoti.docx`, au majina ya aina ya `DOC-20250402-WA0007`, na hujui lipi lina sura ya tatu mpya. Kwenye simu za sasa, nyaraka unazotumiwa hukaa huku:

```
Internal storage/Android/media/com.whatsapp/
  WhatsApp/Media/WhatsApp Documents
```

Zile ulizotuma wewe ziko folda ya `Sent` ndani ya hiyo. Hiyo ni nyumba ya WhatsApp, si yako. Ukihamisha faili kutoka humo kwenda `Rasimu`, siku utakapoligusa tena kwenye mazungumzo WhatsApp italitafuta pale ilipoliacha, haitalikuta, na itakwambia faili halipo. Kwa rasimu, basi, mimi ninanakili: "Copy to", kisha `Rasimu`, kisha ninaibadilisha jina kopi yangu kuwa `2025-04-02_rasimu_msimamizi`. Ya kwenye mazungumzo inabaki kama ushahidi wa alichoniandikia, na ninafanya kazi kwenye yangu. Nafasi inaliwa kidogo, lakini faili la maandishi ni dogo. Video za kundi ndizo zinazojaza simu, hizo zihamishe au zifute bila huruma.

Badilisha jina mapema, kabla rasimu ya pili haijaja. Ukipeleka `Ripoti.docx` kwenye folda ambayo tayari ina `Ripoti.docx`, simu itakuuliza ufanyeje: ibadilishe la zamani, au ibakize yote mawili kwa jina jipya. Ukiharakisha na kuchagua "Replace", la zamani linafunikwa na jipya, wala haliendi "Trash". Kama una shaka, bakiza yote mawili, kisha uyafungue moja moja kwa utulivu.

Na ile `Imewasilishwa` inapokea kitu kimoja tu: faili lilelile nililolituma, siku niliyolituma. Nikishaliweka humo siligusi tena. Siku mhadhiri akisema ukurasa fulani haukuwepo, ninajua pa kuangalia.

Kuhamishia memori kadi

Kama unataka nafasi kwelikweli, mafaili lazima yatoke kwenye hifadhi ya ndani. Hapa kazi ni tofauti kabisa ingawa kitufe ni kilekile. Ukichagua "Move to" kwenda "SD card", anwani haitoshi kubadilishwa, kwa sababu kadi ni chombo kingine. Simu inalazimika kunakili kila faili mpaka mwisho, kisha ifute la mwanzo. Hizo megabaiti 260 zilizohama kufumba na kufumbua sasa zinaweza kuchukua dakika nzima au zaidi kwa kadi ya bei ya chini, na juu ya kioo utaona mstari wa maendeleo. Katikati ya muda huo ukichomoa kadi, au chaji ikiisha, unaweza kubaki na faili nusu: jina lipo, ukubwa ni mdogo, ukilipiga linakatika katikati au halifunguki kabisa.

Kwa vitu ambavyo huwezi kuvipata tena, situmii "Move to" kwenda kwenye kadi. Ninatumia "Copy to", ninahakikisha, halafu ndipo ninafuta za mwanzo. Kuhakikisha kwenyewe ni hivi: idadi ya mafaili ilingane pande zote mbili, ukubwa wa kila faili kwenye "File info" ulingane, na nifungue rekodi moja au mbili kutoka kwenye kadi, niisogeze mpaka dakika ya mwisho, nisikie mtu anaaga. Kazi ya dakika tano.

Kuhusu kufuta, kumbuka "Trash". Kwenye Files ya Google kitu ulichofuta hukaa humo siku 30 kabla hakijaondoka moja kwa moja, na My Files ya Samsung nayo ina sehemu kama hiyo yenye muda huohuo, mradi imewashwa. Ndani ya siku hizo unaingia "Trash", unachagua faili, unagusa "Restore", linarudi lilikotoka. Lakini kitu kilichomo "Trash" bado kinakula nafasi, ndiyo maana siku ile nafasi yangu haikuongezeka mpaka niliposafisha. Mkono wangu wenyewe ndio uliokata kamba ya mwisho. Ukiwa umefuta kitu cha ripoti, iache "Trash" walau usiku mmoja, ukalale. Nafasi ya dharura itafute kwenye video za kundi.

Na folda hata ikipangwa vizuri namna gani, bado iko ndani ya simu moja. Simu ikiibwa kwenye daladala, inaondoka na folda na memori kadi yake. Kila Ijumaa ninanakili `Ripoti_Fildi` nzima kwenda kwenye kompyuta ya mwenzangu. Folda ikinakiliwa inakwenda na kila kilichomo, kwa hiyo ni mguso mmoja, si arobaini. Hii ndiyo faida kubwa ya kuwa na folda moja ya juu badala ya mafaili yaliyotawanyika: unajua ukishaibeba hiyo, umebeba kila kitu.

Zile nne nilizifuata sokoni. Mama wa kwanza alinitazama, akauliza, "Mwanangu, si ulishanihoji wewe?" Nikamwambia ukweli kwamba nimepoteza sauti yake. Akacheka, akanipa kiti, akaanza upya huku anakoroga uji. Watatu walikubali, ingawa majibu ya mara ya pili yalikuwa mafupi, yamekwisha kuchujwa. Mambo mazuri waliyoyasema kwa bahati mara ya kwanza hayakurudi. Wa nne sikumkuta. Jirani yake wa meza alisema ameacha biashara, amerudi kwao, namba yake haipatikani.

Ripoti yangu ina mahojiano kumi. Kwenye sura ya mbinu za utafiti nimeandika kwamba nilihoji watu kumi na mmoja na rekodi moja ilipotea, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Msimamizi alipofika hapo aliweka mstari chini ya neno "ilipotea" na kuandika pembeni: ilipotea vipi? Jibu lake ndilo hili ulilomaliza kulisoma. Sasa fungua simu yako, chagua faili moja ambalo ukilipoteza leo utalia, uangalie anwani yake.